Mada: Waifai na Zigbee kwenye Bendi Moja – Kuchagua Chaneli na Kuweka Vipitishi

Baada ya kupitia mada hii uweze:

(a) kukokotoa masafa ya chaneli yoyote ya waifai au ya Zigbee;
(b) kueleza kwa nini waifai huvuruga mawasiliano ya Zigbee;
(c) kuchagua chaneli inayofaa kutokana na vipimo ulivyopewa;
(d) kupanga mahali pa kuweka vifaa ili mtandao usikatike.

1. Mambo ya msingi

Zigbee ni utaratibu wa mawasiliano ya redio kwa vifaa vidogo vinavyotuma habari chache, kama vile kihisi joto, kihisi cha mlango au swichi ya taa. Umejengwa juu ya kanuni za IEEE 802.15.4, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Kasi yake ni kilobiti 250 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo mno kwa video, lakini inatosha kabisa kutuma tarakimu ya joto kila baada ya dakika chache. Faida yake ni kwamba kihisi kinaweza kulala muda mwingi, kikaamka kidogo kutuma, kisha kikalala tena. Ndiyo maana betri ndogo ya duara inaweza kudumu mwaka na zaidi.

Mtandao wa Zigbee una vifaa vya aina tatu.

*Mratibu* ni mmoja tu. Ndiye anayeanzisha mtandao na kuchagua chaneli. Kwa kawaida ni kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye kompyuta au kisanduku maalumu.

*Kipitishi* hupokea ujumbe wa mwenzake na kuupeleka mbele. Hutumia umeme wa ukutani kwa sababu hakilali. Kwenye maboksi ya vifaa hivi kipitishi huitwa ruta, lakini katika mada hii neno *ruta* tutaliacha kwa ile ya waifai peke yake, ili tusichanganye.

*Kihisi* hutumia betri. Hutuma ujumbe wake kwa kipitishi kimoja au kwa mratibu, lakini hakipitishi ujumbe wa mwingine.

Kwa kuwa vipitishi vinaweza kupokezana ujumbe kwa njia zaidi ya moja, mtandao huu hufanana na wavu wa mvuvi: uzi mmoja ukikatika, nyuzi nyingine bado zimeshikana. Lakini kumbuka jambo moja ambalo watahiniwa wengi hulisahau. Wavu mzima hutumia chaneli moja. Chaneli hiyo ikivurugwa, kuongeza nyuzi hakusaidii sana, kwa sababu nyuzi zote zinapita kwenye masafa yaleyale.

2. Hesabu za chaneli

Waifai ya kawaida na Zigbee hutumia bendi moja, kati ya MHz 2400 na MHz 2483.5. Bendi hii imeachwa wazi katika nchi nyingi kwa vifaa vya nguvu ndogo, hivyo mwenye kifaa haombi leseni yake binafsi. Matokeo yake ni msongamano.

Masafa ya katikati ya chaneli ya waifai namba *n* (kuanzia 1 hadi 13) ni:

f = 2407 + 5n

Masafa ya katikati ya chaneli ya Zigbee namba *k* (kuanzia 11 hadi 26) ni:

f = 2405 + 5(k − 11)

Majibu yote mawili yako katika MHz.

Sasa angalia upana. Chaneli ya waifai ina upana wa MHz 20, yaani MHz 10 kila upande wa katikati. Chaneli ya Zigbee ina upana wa MHz 2 tu, yaani MHz 1 kila upande. Fikiria lori na baiskeli katika barabara moja. Lori moja la waifai hufunika nafasi ya baiskeli nne za Zigbee.

Mfano. Chaneli ya waifai namba 6 inafunika masafa gani, na chaneli zipi za Zigbee zimo ndani yake?

Katikati: 2407 + 5(6) = 2437 MHz.
Ukingo wa chini: 2437 − 10 = 2427 MHz.
Ukingo wa juu: 2437 + 10 = 2447 MHz.

Chaneli za Zigbee zilizo kati ya 2427 na 2447 ni 16 (2430), 17 (2435), 18 (2440) na 19 (2445). Hizo nne zimefunikwa.

Ukirudia hesabu hiyo kwa chaneli za waifai 1 na 11, utapata jedwali hili:

| Waifai | Masafa inayofunika (MHz) | Zigbee zilizofunikwa |
|---|---|---|
| 1 | 2402 – 2422 | 11, 12, 13, 14 |
| 6 | 2427 – 2447 | 16, 17, 18, 19 |
| 11 | 2452 – 2472 | 21, 22, 23, 24 |

Chaneli 1, 6 na 11 ndizo hupendekezwa kwa ruta za waifai kwa sababu hazigusani. Tazama ni chaneli zipi za Zigbee hazimo kwenye jedwali: 15 (2425), 20 (2450), 25 (2475) na 26 (2480). Hizi nne ndizo za kuzifikiria kwanza.

Lakini hazilingani. Chaneli 15 na 20 zimebanwa katikati ya malori mawili. Chaneli 25 ina jirani upande mmoja tu. Chaneli 26 iko mbali zaidi na waifai, ila iko ukingoni mwa bendi, na vifaa vingi hupunguza nguvu vinapoitumia. Vingine haviikubali kabisa. Kwa hiyo 26 si jibu sahihi la moja kwa moja, ingawa kwenye mchoro inaonekana nzuri kuliko zote.

Tahadhari ya mtihani. Namba 11 ya waifai si namba 11 ya Zigbee. Ya waifai iko MHz 2462, ya Zigbee iko MHz 2405. Tofauti ni MHz 57. Mtahiniwa anayeandika kwamba "zote ziko chaneli 11, kwa hiyo zinagongana" amelinganisha majina badala ya masafa.

3. Kwa nini Zigbee ndiyo huumia

Ruta ya waifai inaweza kutoa nguvu ya hadi miliwati 100 hivi. Kihisi kidogo cha Zigbee mara nyingi hutoa miliwati chache tu, hata moja. Anayenong'ona hawezi kusikika pembeni ya anayepiga kelele, na hapa ndipo chanzo cha tatizo kilipo. Lakini kuna sababu ya pili, nayo ni muda.

Pakiti kubwa kabisa ya Zigbee ina baiti 127.

Idadi ya biti: 127 × 8 = 1016
Muda hewani: 1016 ÷ 250 000 = sekunde 0.0041, yaani milisekunde 4 hivi.

Pakiti ya waifai ya baiti 1500 kwa kasi ya megabiti 54 kwa sekunde:

Idadi ya biti: 1500 × 8 = 12 000
Muda hewani: 12 000 ÷ 54 000 000 = sekunde 0.00022, yaani milisekunde 0.22.

Pakiti ya Zigbee hukaa hewani mara 18 zaidi. Ndani ya muda huo waifai inaweza kuanza kutuma mara nyingi, na mgongano mmoja unatosha kuharibu pakiti yote.

Utauliza: je, vifaa hivi havisikilizi kwanza kabla ya kutuma? Husikiliza. Ila ruta huenda isiisikie sauti ndogo ya kihisi kilicho mbali, ikadhani hewa ni tupu, ikatuma. Kihisi chenyewe huisikia ruta vizuri, hivyo hungoja. Kwa mipangilio ya kawaida ya kanuni zile, kihisi hujaribu kupata nafasi mara 5, na kikikosa huhesabu kwamba kimeshindwa. Kikifanikiwa kutuma lakini kisipate jibu la kupokelewa, hurudia hadi mara 3.

Kutokana na hilo utaona dalili mbili. Ya kwanza ni vipimo vinavyoruka: saa nyingine vipo, saa nyingine havipo. Ya pili ni betri kuisha mapema, kwa sababu kila kurudia kunatumia umeme.

4. Hatua za kuchagua chaneli

*Hatua ya kwanza: pima.* Simama mahali mratibu atakapokaa, ufungue programu ya kupima waifai kwenye simu, na uandike kila mtandao, chaneli yake na nguvu yake. Nguvu huonyeshwa kwa dBm na huwa namba hasi. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu zaidi: −40 ni kubwa kuliko −70. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi. Kwa hiyo −40 ina nguvu mara 1000 ya −70.

*Hatua ya pili: rekebisha waifai yako kwanza.* Ruta ya jirani huwezi kuigusa, yako unaweza. Iweke kwenye chaneli maalumu, usiiache ijichagulie yenyewe, maana ikizimwa na kuwashwa inaweza kuhamia juu ya Zigbee bila mtu kujua. Upana uwe MHz 20. Ruta nyingi zina nafasi ya MHz 40, ambayo hufunika karibu nusu ya bendi nzima.

*Hatua ya tatu: chagua Zigbee.* Tafuta kati ya 15, 20, 25 na 26 ile iliyo mbali zaidi na ruta zenye nguvu.

*Hatua ya nne: weka chaneli kabla ya kuunganisha vihisi.* Ukibadilisha baadaye, baadhi ya vihisi hubaki vikiita kwenye chaneli ya zamani, na itabidi uviunganishe upya kimoja kimoja. Katika programu ya Zigbee2MQTT, kwa mfano, chaneli huandikwa hivi:

```
advanced:
  channel: 25
```

Usipoandika kitu, programu hiyo hutumia chaneli 11. Rudi kwenye jedwali uone 11 iko chini ya waifai ipi.

5. Mahali pa kuweka vifaa

Kanuni ya kwanza ni kutenganisha mratibu na ruta. Watu huviweka juu ya meza moja kwa sababu soketi iko hapo. Nguvu ya wimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Ukisogeza ruta kutoka mita 0.3 hadi mita 3, umbali umeongezeka mara 10, kwa hiyo nguvu inayomfikia mratibu imepungua mara 10², yaani mara 100. Hakuna kifaa ulichonunua. Umehamisha meza tu. Ndani ya jengo hesabu hii si kamili, kwa sababu mawimbi hurudi kutoka ukutani na kwenye bati, lakini mwelekeo wake ni huo.

Mratibu aliyechomekwa moja kwa moja nyuma ya kompyuta ana tatizo jingine. Tundu la USB 3.0 linapofanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye bendi hiihii. Kampuni ya Intel ilichapisha vipimo vya jambo hilo mwaka 2012. Dawa ni waya wa kuongezea wa USB wa mita moja au zaidi, ili mratibu akae mbali na kompyuta.

Kanuni ya pili ni kuangalia kilichopo katikati. Ukuta wa tofali za saruji hupunguza wimbi, wala haulizuii lote. Maji hulinyonya, kwa hiyo tenki lililojaa au kundi la watu ni kizuizi. Chuma hulirudisha: kabati la chuma, mlango wa bati na friji.

Kanuni ya tatu ni kuweka kipitishi *katikati ya njia*, si mwisho wake. Kipitishi kilichowekwa mahali ambapo mawasiliano yameshakufa hakina cha kupitisha. Kiweke pale ambapo bado kinamsikia mratibu vizuri na pia kinakisikia kihisi.

Kanuni ya nne ni umeme. Kipitishi kiwe kwenye soketi ambayo hakuna anayeizima. Soketi zetu nyingi zina swichi, na mtu anayefunga ofisi jioni huzima kila anachokiona. Balbu ya Zigbee nayo inaweza kuwa kipitishi, lakini ikizimwa kwa swichi ya ukutani, kipitishi kimekufa.

6. Swali lililofanyiwa kazi

*Tuseme zahanati iko Kiranjeranje, wilayani Kilwa, kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi. Chanjo zake huhifadhiwa kwenye friji ambayo joto lake lazima likae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za selsiasi. Kihisi cha Zigbee kimewekwa ndani ya friji hiyo ili kupeleka joto kwa mratibu. Ruta na mratibu viko juu ya meza moja ya mapokezi, mita 0.3 kati yao. Friji iko stoo, mita 15 kutoka mapokezi, nyuma ya kuta tatu za tofali. Kuna kipitishi kimoja, kwenye soketi ya chumba cha muuguzi. Zigbee iko chaneli 22. Vipimo vya waifai kwenye meza ya mapokezi ni hivi:*

| Mtandao | Chaneli | Nguvu (dBm) |
|---|---|---|
| Ruta ya zahanati | 11 | −38 |
| Duka la jirani | 1 | −72 |
| Nyumba ya wageni | 6 | −81 |

*Asubuhi, wakati taarifa zinatumwa kwa mtandao, vipimo vya friji huruka moja moja. Kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja na nusu asubuhi hakuna kipimo hata kimoja. Eleza sababu na upendekeze marekebisho.*

Jibu.

*Tenganisha dalili mbili.* Vipimo vinavyoruka moja moja wakati waifai ina kazi nyingi ni dalili ya mwingiliano. Vipimo vinavyopotea vyote kwa saa zilezile, usiku kucha, wakati waifai haina kazi, si mwingiliano. Hiyo ni dalili ya kifaa kilichozimwa. Saa kumi jioni ni saa ya kufunga, na soketi ya chumba cha muuguzi huzimwa. Kipitishi hufa, na kihisi kilicho nyuma ya kuta tatu, ndani ya sanduku la chuma, hakimfikii mratibu.

Mtahiniwa anayebadilisha chaneli tu atapunguza tatizo la asubuhi na kuacha lile la usiku, ambalo kwa chanjo ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa usiku hakuna mtu wa kufungua friji na kutazama kipimajoto.

*Chaneli.* Zigbee 22: 2405 + 5(11) = 2460 MHz. Waifai 11 inafunika 2452 hadi 2472. Chaneli ya Zigbee imo ndani ya ruta ya zahanati yenyewe, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote hapo.

Njia fupi ni kuhamisha Zigbee hadi 25 (2475) na kuiacha ruta ilipo. Ukingo wa waifai ni 2472, ukingo wa Zigbee ni 2474, nafasi ni MHz 2. Kwa ruta ya jirani iliyo mbali hiyo ingetosha. Kwa ruta ya −38 haitoshi, kwa sababu nguvu ya ruta haikatiki ghafla ukingoni kama ukuta. Kidogo huvuja nje, na kidogo cha chenye nguvu nyingi bado ni kingi.

Kwa hiyo hamisha ruta kwanza. Chaneli 1 na 6 zote zina jirani, lakini wa 6 ni dhaifu zaidi (−81 dhidi ya −72). Weka ruta chaneli 6, upana MHz 20, isijichagulie. Sasa ukingo wake wa juu ni 2447. Weka Zigbee chaneli 25. Nafasi kati yao: 2474 − 2447 = MHz 27. Mtahiniwa aliyechagua chaneli 1 kwa ruta, akieleza kwamba inakuwa mbali zaidi na Zigbee, naye yuko sahihi. Kinachopimwa ni sababu.

*Mahali.* Sogeza mratibu hadi mita 3 kutoka kwenye ruta. Nguvu ya ruta inayomfikia inapungua mara 100, yaani kutoka −38 hadi karibu −58 dBm.

Weka vipitishi viwili katikati ya njia, mita 6 hadi 8 kutoka kwa mratibu, kimoja kwenye ukumbi na kingine kwenye chumba cha upande wa pili, kwenye soketi tofauti. Weka cha tatu ndani ya stoo, mita 2 hivi kutoka kwenye friji. Kimoja cha katikati kikifa, ujumbe utapita kwa mwenzake.

*Friji.* Kihisi kilichofungiwa ndani ya kuta za chuma kinazungumza kupitia nafasi ndogo ya mpira wa mlango. Tumia kihisi chenye waya: ncha inayopima joto ikae ndani pamoja na chanjo, sanduku lenye antena libaki nje.

*Umeme.* Umeme wa gridi ukikatika, friji huanza kupata joto, na hapo ndipo ujumbe unapohitajika kuliko wakati wowote. Vipitishi vikiwa kwenye umeme huohuo, vitazimika vyote kwa pamoja na friji. Kwa hiyo mratibu, kompyuta yake, ruta na vipitishi vitatu viunganishwe kwenye laini ya betri ya sola, na soketi hizo zisiwe na swichi au zibandikwe karatasi ya onyo.

*Mipaka.* Daftari la joto linaloandikwa asubuhi na jioni liendelee. Kihisi kinasaidia kwa saa zilizo katikati. Hakiondoi jicho la mhudumu.

7. Kuthibitisha kwamba umepona

Jaribio rahisi la kutofautisha mwingiliano na umbali ni kuzima ruta ya waifai kwa dakika 15 na kutazama vipimo. Vikitulia, tatizo lilikuwa mwingiliano. Visipobadilika, tafuta umbali, kizuizi au kifaa kilichozimwa. Ikiwa programu inaonyesha joto kwa mtandao tu, soma kumbukumbu baada ya kuwasha ruta tena.

Baada ya kuhamisha vipitishi, usishangae kihisi kikiendelea kumng'ang'ania kipitishi cha zamani kilicho mbali. Kihisi hakichagui upya kila mara. Toa betri, subiri kidogo, irudishe kihisi kikiwa mahali pake pa kudumu. Kisipohama, kiunganishe upya hapohapo.

Programu nyingi pia huonyesha ubora wa kiungo kwa namba kati ya 0 na 255. Usiisome mara moja na kuondoka. Iangalie siku nzima, hasa saa ambazo waifai ina kazi na milango imefungwa. Namba nzuri ya saa nne asubuhi haisemi lolote kuhusu saa tano usiku.

8. Maswali ya kujipima

1. Kokotoa masafa ya katikati ya Zigbee chaneli 18. Je, imefunikwa na waifai 6?

2. Ruta moja iko waifai chaneli 13. Onyesha chaneli za Zigbee inazozifunika, kisha ueleze kwa nini Zigbee 25 si salama mahali hapo.

3. Ruta imesogezwa kutoka mita 0.5 hadi mita 2 kutoka kwa mratibu. Nguvu inayomfikia imepungua mara ngapi?

4. Kihisi cha mlango wa ghala la ufuta hupoteza ujumbe kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku tu, wakati wageni wa nyumba ya jirani wanatazama video kwenye simu. Taja sababu inayowezekana, namna ya kuithibitisha na hatua moja ya kurekebisha.

5. Mtandao una vipitishi vinane, vyote kwenye Zigbee chaneli 12, na ruta ya jengo iko waifai 1. Fundi anapendekeza kuongeza vipitishi vinne. Toa maoni.

Majibu

1. 2405 + 5(7) = 2440 MHz. Ndiyo, kwa kuwa 2440 iko kati ya 2427 na 2447.

2. Katikati: 2407 + 65 = 2472 MHz. Inafunika 2462 hadi 2482. Zigbee zilizomo ni 23 (2465), 24 (2470), 25 (2475) na 26 (2480). Zigbee 25 imo ndani, hivyo kanuni ya "chaneli nne huru" inafanya kazi tu pale majirani wanapotumia 1, 6 na 11. Pima kwanza.

3. Umbali umeongezeka mara 4. Nguvu imepungua mara 4² = 16.

4. Sababu: waifai ya jirani ina kazi nyingi saa hizo na masafa yake yanafunika chaneli ya Zigbee. Uthibitisho: pima chaneli na nguvu ya ruta hiyo kwa simu saa hizohizo, ulinganishe masafa kwa hesabu. Marekebisho: hamisha Zigbee kwenye chaneli isiyofunikwa. Kuzima ruta si jibu hapa, kwa sababu si yako.

5. Zigbee 12 (2410 MHz) imo ndani ya waifai 1 (2402 hadi 2422). Vipitishi vyote, vya zamani na vipya, hutumia chaneli hiyohiyo, na kila ujumbe unaopokezwa mara nyingi huongeza msongamano. Ahamishe chaneli kwanza, apime, ndipo aamue kama kuna sehemu ya jengo ambayo bado haifikiwi.